Hatua iliyokataliwa nayo inahesabiwa

Siku tatu nzima nilihangaika na nafasi nne tupu. Nazungumzia zile nafasi unazoacha mwanzoni mwa mstari kwenye Python, zinazoamua kama mstari uko ndani ya `if` au uko nje yake, na mimi mstari wangu mmoja nilikuwa nimeuweka ndani wakati ulitakiwa uwe nje. Programu ilikimbia vizuri tu, haikulalamika, grafu ikatoka nzuri ya kupendeza, na jibu lilikuwa sio. Naandika hapa kwa urefu kwa sababu ukielewa ule mstari ulitakiwa ukae wapi na kwa nini, umeielewa karibu yote Metropolis, ile njia ya kukadiria namba usiyoijua kwa kutembea hatua za bahati nasibu, na treisi ploti, grafu zinazoonyesha matembezi hayo, nazo utaanza kuziangalia kwa jicho tofauti.

Tuanze na swali lenyewe, nimelifanya dogo makusudi. Tuseme umekagua neti 20 za mbu na umekuta 6 zina matundu. Unataka kujua sehemu ya neti zenye matundu katika neti zote, tuiite p. Hujui p, lakini baada ya kuona data kuna thamani za p zinazoaminika sana na nyingine zinazoaminika kidogo, na ile picha nzima ya nini kinaaminika kiasi gani baada ya kuona data ndiyo tunaita posteria. Kama kabla ya kukagua hukuwa na upendeleo wowote, kila p kati ya 0 na 1 ni sawa kwako, basi posteria inaenda sambamba na p kwa kipeo cha 6 mara (1-p) kwa kipeo cha 14. Hapo umeshapata umbo. Ambacho huna ni namba ya kugawanyia ili jumla ya eneo lote iwe 1, na kwenye matatizo makubwa yenye vigezo hamsini, yaani namba hamsini usizozijua kama p, namba hiyo ya kugawanyia ndiyo haipatikani kabisa.

Nimechagua neti 20 kwa sababu hapa jibu kamili linajulikana kwa karatasi na kalamu, ni mgawanyo wa Beta wenye namba 7 na 15, wastani wake ni 7/22 yaani 0.318, na upana wake, ule mchepuko sanifu, ni 0.097. Kwa hiyo nikikosea nitajua. Hii tabia ya kuijaribu mashine kwanza kwenye swali ambalo jibu lake unalo ndiyo iliyoniokoa mwishowe.

Sasa Metropolis inafanya nini? Inatembea. Umesimama kwenye p fulani, tuseme 0.30, unapendekeza p mpya kwa kuongeza namba ya bahati nasibu kutoka kwenye mgawanyo wa kengele wenye kitovu sifuri, tuseme pendekezo limetoka 0.40. Unauliza: posteria ya pale ni mara ngapi ya posteria ya hapa? Na uzuri wote uko hapo kwenye neno "mara ngapi", manake ukigawanya moja kwa nyingine ile namba tusiyoijua inakatana juu na chini inapotea. Tukipiga hesabu, 0.40 ukigawanya kwa 0.30 kwa kipeo cha 6 unapata kama 5.62, na 0.60 ukigawanya kwa 0.70 kwa kipeo cha 14 unapata kama 0.1155, zidisha hizo mbili unapata 0.65. Pale ni pa chini kuliko hapa, basi unahamia kwa uwezekano wa asilimia 65: unachota namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 1, ikiwa chini ya 0.65 unahama, ikiwa juu unabaki. Pendekezo lingekuwa 0.60 uwiano ungetoka kama 0.025, kwa hiyo mara nyingi sana ungebaki ulipo. Na ungekuwa umesimama 0.40 ukapendekeziwa 0.30, uwiano ni 1.54, umepita 1, hapo unahama moja kwa moja bila kuchota chochote.

Basi, hakuna kingine. Orodha ya sehemu ulizosimama, hatua kwa hatua, ndiyo tunaita mnyororo, na programu ni hii hapa:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)

def logpost(p):
    if p <= 0 or p >= 1:
        return -np.inf
    return 6*np.log(p) + 14*np.log(1-p)

p = 0.95
mnyororo = []
for i in range(10000):
    mpya = p + rng.normal(0, 0.23)
    if np.log(rng.random()) < logpost(mpya) - logpost(p):
        p = mpya
    mnyororo.append(p)
```

Angalia mstari wa mwisho. Uko nje ya `if`, yaani kila mzunguko, umehama au umekataliwa, unaandika ulipo. Ukikataliwa unaandika tena ile ile p ya zamani. Mimi wangu ulikuwa ndani ya `if`, nilikuwa naandika pale tu ninapohama, na kichwani niliona ni sawa kabisa, kwa sababu kama pendekezo limekataliwa kuna nini cha kuandika, si hakuna kilichotokea? Kumbe kilichotokea ndicho chenye taarifa.

Kilichonielewesha ni kuacha neti pembeni na kuchukua mfano wa sehemu mbili tu. Fikiria mtu mwenye vijiwe viwili, A na B, na tunataka muda wake ugawanyike hivi: A apate robo tatu, B apate robo. Uzito wa A ni 3, wa B ni 1. Kila saa anapendekeza kwenda kijiwe kingine. Akiwa B, A ana uzito mkubwa, anaenda bila kusita. Akiwa A, B ina uzito wa theluthi moja tu ya A, kwa hiyo anaenda kwa uwezekano wa 1/3 na saa nyingine anabaki. Mtu anayeondoka kwa uwezekano wa 1/3 kila saa atakaa kwa wastani wa saa 3, wakati B anakaa saa 1 tu halafu anaondoka. Saa 3 A, saa 1 B, ndiyo ule mgao tuliotaka. Sasa futa saa zote alizobaki, andika zile za kuhama peke yake. Unapata A, B, A, B, A, B, nusu kwa nusu, na uzito wa 3 umepotea kabisa kana kwamba haukuwahi kuwepo! A haipati uzito wake kwa kutembelewa mara nyingi zaidi, inaupata kwa mtu kushindwa kuondoka.

Nilipoona hivyo nikarudi kwenye neti na kila kitu kikakaa sawa. Karibu na kilele cha posteria mapendekezo mengi yanakataliwa kwa sababu karibu kila upande ni kushuka, na kule pembeni mengi yanakubaliwa kwa sababu nusu yake ni kupanda. Ukitupa yaliyokataliwa unapunguza uzito wa kilele kuliko wa pembeni, kwa hiyo mgawanyo unakuwa mpana kuliko ukweli. Ndicho nilichokuwa nakiona bila kukielewa: katikati hapakuwa pamesogea sana lakini upana badala ya 0.097 ulikuwa unatoka kama 0.105, na nikiongeza ukubwa wa hatua, ile 0.23 kwenye programu, unazidi kupanuka hadi kwenye 0.11. Kwanza nilidhani ni bahati nasibu tu, nikaongeza idadi ya hatua hadi laki moja, ukagoma kushuka. Kosa la bahati nasibu linapungua ukiongeza hatua, hili halikupungua, na hapo ndipo nilipojua tatizo liko kwenye programu yenyewe.

Halafu jambo lililonigusa. Metropolis inatoka kwenye karatasi ya mwaka 1953 ya Los Alamos, waandishi wake watano: Nicholas Metropolis, Arianna Rosenbluth na mumewe Marshall, Augusta Teller na mumewe Edward. Walikuwa wanahesabu tabia ya visahani vigumu 224 vinavyogongana kwenye ubapa, kwa kompyuta iliyoitwa MANIAC, na programu yenyewe aliiandika Arianna Rosenbluth. Hawakuwa wanazungumzia posteria hata kidogo, ilikuwa ni fizikia ya chembe. Lakini ukiisoma ile karatasi utakuta wamelisema hili waziwazi: kisahani kikikataliwa kusogea, kinarudi kilipokuwa, na mpangilio ule ule unahesabiwa upya kama mpangilio mpya wakati wa kuchukua wastani. Pengine walijua msomaji angeweza kuliruka, wakaliandika. Jina la Metropolis ndilo limebaki kwa sababu lilikuwa la kwanza kwenye orodha, lakini mimi nikiona ule mstari wa `append` nje ya `if` namfikiria Arianna, mtu aliyelazimika kuuweka mahali pake kwenye mashine isiyo na Python.

Sasa treisi ploti. Ni grafu ya mnyororo jinsi ulivyotembea, mlalo ni namba ya hatua, wima ni thamani ya p. Kila mtu anafundishwa kwamba treisi nzuri ni ile inayofanana na jamvi lililochakaa, mkanda mnene wenye nyuzi zilizochomoza juu na chini, haupandi, haushuki. Treisi yangu yenye kosa ilikuwa hivyo hivyo! Tena ilionekana nzuri kuliko ya sahihi kwa sababu haikuwa na sehemu bapa hata moja, kila hatua ilikuwa ni mruko. Na hicho ndicho kilitakiwa kinishtue. Mnyororo wa Metropolis ulio sahihi ukiukuza, ukiangalia hatua 100 badala ya 10,000, utaona ngazi ndogo ndogo bapa, zile ni sehemu ulipokataliwa. Treisi isiyo na ubapa wowote ina maana ama hatua zako ni ndogo mno ama umetupa yaliyokataliwa. Siku hizi kabla sijaangalia kitu kingine naandika mistari miwili:

```python
print(len(mnyororo))
print(np.mean(np.diff(mnyororo) == 0))
```

Wa kwanza unatakiwa utoe 10000 kamili. Wangu ulitoa elfu nne na mia kadhaa, na ndio ulionionyesha kosa. Wa pili unakupa sehemu ya hatua ambazo hukusogea, kwa hatua ya 0.23 inatakiwa iwe zaidi kidogo ya nusu.

Kwa nini 0.23? Kwa kigezo kimoja chenye umbo linalokaribia kengele, hatua inayofanya kazi vizuri ni kama mara 2.4 ya upana wa posteria yenyewe, na 0.097 mara 2.4 ni 0.23. Ukiitumia utakubaliwa kama asilimia 45 hivi. Jaribu hatua ya 0.005 uone. Utakubaliwa asilimia 98, na mtu asiyejua atafurahi, lakini treisi itakuwa kama njia ya mtu anayepapasa gizani, inapanda polepole, inashuka polepole, na kama ulianza 0.95 kama kwenye ile programu itachukua hatua elfu moja na zaidi kufika tu eneo la 0.4 ambako posteria inaanza kuwa na uzito wa maana. Ule mteremko mrefu wa mwanzo sio posteria, ni safari ya kwenda kwenye posteria, unatakiwa uutupe. Jaribu hatua ya 5, utakubaliwa kama asilimia 2 au 3, treisi inakuwa ni ngazi kubwa kubwa, umesimama sehemu moja hatua arobaini halafu unaruka. Zote mbili zitakupa jibu sahihi ukisubiri vya kutosha, hilo watu hawalisemi sana. Tofauti ni kwamba hatua 10,000 za aina hiyo zina taarifa sawa na hatua chache tu zilizo huru, na mnyororo haukuambii hilo usipouangalia.

Kuna ubapa mwingine ambao ni ugonjwa kabisa, mstari mmoja mnyoofu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huo nimeuona kwa watu wanaozidisha badala ya kutumia logi. Kwa neti 20 huwezi kugundua, lakini zikiwa 2,000 na zenye matundu 600, unakuwa unatafuta 0.3 kwa kipeo cha 600 mara 0.7 kwa kipeo cha 1,400, na hiyo ni namba yenye sifuri zaidi ya mia tano baada ya nukta. Kompyuta haiwezi kuishika, inaandika sifuri, sifuri ukigawanya kwa sifuri kwenye numpy unapata `nan`, na ukiuliza kama namba fulani ni ndogo kuliko `nan` jibu ni hapana siku zote. Kila pendekezo linakataliwa, umeganda. Ndiyo maana juu pale ninatoa logi moja kutoka kwa nyingine badala ya kugawanya.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni mnyororo wenye treisi nzuri, wenye hesabu sahihi, `append` iko mahali pake, na bado unakudanganya. Hebu badilisha kidogo swali la neti. Tuseme mtu alichukua neti mbili mbili bila kuchagua, jozi 200, na kwenye daftari hakuandika ipi ina tundu, aliandika tu "zinafanana" au "hazifanani". Zilizofanana ni jozi 150. Uwezekano wa jozi kufanana ni p mara p, zote mbovu, kujumlisha na (1-p) mara (1-p), zote nzima. Tafuta p inayofanya hiyo jumla iwe 0.75 utapata majibu mawili, 0.146 na 0.854. Na ukifikiria ni lazima iwe hivyo, daftari linasema neti zinafanana lakini halisemi zinafanana kwa ubovu au kwa uzima.

Kwa hiyo posteria ina vilima viwili vinavyolingana kabisa, kila kimoja kina upana wa kama 0.02, na katikati pale 0.5 kuna bonde ambalo urefu wake haufiki hata sehemu moja ya bilioni 200 ya kilele. Endesha Metropolis kwa hatua ya 0.05, anzia 0.95. Unapata treisi safi, jamvi lenyewe, limetulia kwenye 0.85, asilimia ya kukubaliwa nzuri, kata mnyororo nusu ya kwanza na nusu ya pili vinafanana. Utaandika ripoti kwamba asilimia 85 ya neti zina matundu. Na jirani yako aliyeanzia 0.05 ataandika asilimia 15, akiwa na treisi nzuri kama yako. Hakuna kitu ndani ya mnyororo wako kinachoweza kukwambia kuhusu kilima usichowahi kukikanyaga. Kuvuka kwa hatua ya 0.05 ungehitaji upite katikati ya bonde hatua kadhaa mfululizo au uruke kwa hatua moja mara kumi na nne ya kawaida yako.

Ndio sababu watu wanaendesha minyororo minne na kuichora kwenye grafu moja kwa rangi tofauti, na ndio kazi ya ile R-hat ya Gelman na Rubin ya mwaka 1992, inalinganisha tofauti kati ya minyororo na tofauti ndani ya kila mnyororo, vikilingana inakuwa karibu na 1. Hapa kwa vilima viwili, ukianzisha miwili kila upande, itapaa juu sana na utashtuka. Ila sharti ni uanzishe mbalimbali kweli. Nimeona mtu anaendesha minyororo minne yote inaanzia 0.9 kwa sababu ndio namba aliyoiandika kwenye skripti, R-hat inatoka 1.00 safi, rangi nne zimelaliana kwenye 0.85, na anaamini amethibitisha. Alichofanya ni kuuliza mtu mmoja swali moja mara nne.

Kwa daftari hili la jozi kuna dawa nzuri. Mara moja katika hatua kumi, badala ya kusogea kidogo, pendekeza 1-p. Ukiwa 0.85 unapendekeza 0.15. Ni pendekezo la haki kwa sababu kwenda na kurudi kuna uwezekano ule ule, na posteria ya pande zote mbili ni sawasawa, uwiano ni 1, halikataliwi kamwe. Treisi sasa inaonekana mbaya, mikanda miwili, mmoja juu mmoja chini, na mistari wima inayorukaruka kati yake kama mtu amechora kwa hasira. Hiyo ndiyo sahihi. Na wastani wake ni 0.5, mahali ambapo posteria karibu haipo kabisa, kwa hiyo usiripoti wastani, ripoti vilima vyote viwili.

Kuchagua kati ya vilima hakuwezi kutoka kwenye mnyororo, hata ukiendesha hatua bilioni, kwa sababu kwenye data haimo. Inabidi urudi kwenye neti. Ukiangalia neti 5 tu, moja moja, ukakuta moja ina tundu na nne ni nzima, kilima cha 0.15 kinakuwa kizito karibu mara 200 ya kile cha 0.85.